Uzito wa Pigo Katika Mchezo wa Kompyuta

Mtu apigapo gogo kwa shoka hujua kuwa pigo limetua hata kabla macho hayajamwambia. Mpini humtetemesha viganja, mkono uliokuwa ukienda kasi husimama ghafla, na sauti humfikia papo hapo. Sasa tumweke mtu huyo huyo mbele ya kompyuta, acheze mchezo wa wapiganaji wawili wenye fimbo. Abonyezapo kitufe, mchoro wa fimbo hupita juu ya mchoro wa mwili, na kwa kweli hakuna kilichogusa kitu. Michoro hiyo haina uzito wala ugumu. Kitufe kilicho chini ya kidole hakibadiliki hata kidogo, pigo liwe limempata adui au limepita hewani. Hata hivyo ipo michezo ambayo mchezaji hukunja uso kila pigo linapotua, kana kwamba yeye ndiye aliyeumia. Na ipo mingine ambayo kupigana ndani yake ni sawa na kupunga mkono gizani.

Tofauti hiyo haitokani na uzuri wa michoro. Hutokana na mambo machache yanayotendeka katika robo ya sekunde baada ya pigo kutua: picha husimama kidogo, hutikisika kidogo, na cheche au vumbi huruka. Katika makala haya nitaeleza mambo hayo kwa kuufuata mchezo mmoja, ambao wanafunzi wangu wa mwaka wa pili waliutengeneza kama zoezi la muhula. Walipoumaliza, tuliwaalika vijana wa kidato cha tatu waje waujaribu. Mapigo yalinguruma, kioo kizima kilitikisika, cheche zilijaa kila upande, na vijana walishangilia. Baada ya dakika kumi hivi mmoja wao, ambaye alikuwa ameshindwa mara nne mfululizo, alisukuma kiti nyuma akasema, "Mwalimu, nikishapigwa mara moja, sioni tena anachofanya."

Hakuwa akitafuta udhuru. Alikuwa amegundua kosa ambalo sisi tulioutengeneza mchezo hatukuliona, kwa sababu sisi tulikwisha kuujua kwa moyo.

Kusimamisha wakati

Picha itembeayo katika kompyuta ni mfululizo wa picha zilizotulia, ambazo tutaziita fremu. Mchezo wetu ulionyesha fremu 60 kwa sekunde. Ncha ya fimbo ilisogea pikseli 40, yaani vitone 40 vya kioo, katika kila fremu, na mwili wa mpiganaji ulikuwa na upana wa pikseli 60. Hesabu ni nyepesi: fimbo ilihitaji fremu moja na nusu tu kuuvuka mwili, sawa na moja ya arobaini ya sekunde. Jicho huona fimbo ikiwa upande huu, kisha huiona upande ule. Tukio lenyewe la kugusana, ambalo ndilo sababu ya mchezo mzima, halionekani kabisa.

Dawa ya jambo hili ni ya zamani. Katika Street Fighter II, mchezo uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Capcom mwaka 1991, kila pigo linapotua wapiganaji wote wawili husimama kwa muda mfupi mno, kisha huendelea na mwendo wao. Tutakiita kisimamo hiki kituo, kwa kuwa kinafanana na kile anachotua msomaji mwishoni mwa sentensi. Wachezaji wengi hawatambui kuwa kipo. Wanachokitambua ni kwamba ngumi ni nzito.

Kwa nini kusimama kulete hisia ya uzito? Sababu ya kwanza ni ile tuliyokwisha kuiona: jicho hupata nafasi ya kuiona picha ya mgusano. Sababu ya pili inatoka katika somo la fizikia. Nguvu hupimwa kwa badiliko la kasi ya kitu chenye uzito katika muda fulani, na kitu kinachopoteza kasi yake ghafla ni kitu kilichokutana na kizuizi kigumu. Tangu utotoni tumeyaona hayo kwa nyundo na misumari, kwa mpira na ukuta. Tunapoona fimbo iliyokuwa ikienda kasi imesimama ghafla juu ya bega la mtu, akili hujaza yenyewe kile kinachokosekana, nacho ni nguvu.

Tulichagua fremu 4 kwa pigo jepesi na fremu 10 kwa pigo zito, yaani moja ya kumi na tano ya sekunde na moja ya sita ya sekunde. Tofauti kati ya viwango hivi ni muhimu kuliko viwango vyenyewe, kwani mapigo yote yakisimama sawasawa hakuna lililo zito. Nilijaribu pia fremu 20. Pigo moja lilikuwa la kutisha kweli, lakini mapigo matatu mfululizo yalikula sekunde nzima, na mchezo ukawa kama gari linalozimika kila baada ya hatua chache.

Hapa wanafunzi walifanya kosa ambalo nimeliona mara nyingi. Ili kupata kituo waliiamuru programu nzima isubiri. Kila kitu kilisimama kweli, pamoja na kazi ya kusoma vitufe. Mchezaji aliyebonyeza kitufe cha kujikinga wakati wa kituo hakusikilizwa. Kwa kompyuta ilikuwa kana kwamba hakubonyeza kitu. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: wachezaji hulalamika kuwa vitufe vinanata au havifanyi kazi, ilhali ukivijaribu nje ya pambano ni vizima. Iliyo sahihi ni kumpa kila mpiganaji kihesabio chake, huku programu ikiendelea na kazi zake:

```
soma_vitufe()
for m in wapiganaji:
    if m.kituo > 0:
        m.kituo -= 1
    else:
        m.sogea()
```

Pigo linapotua, `kituo` cha mpigaji na cha mpigwa huwekwa 4 au 10. Vitufe vinasomwa daima, na amri iliyotolewa wakati wa kituo huwekwa akiba itekelezwe mara kinapokwisha. Sauti haisimami, wala cheche. Iwapo fimbo moja imewapata maadui watatu kwa pamoja, vituo vyao havijumlishwi. Huchukuliwa kile kilicho kirefu zaidi. Na kama mchezo utachezwa katika mashine inayoonyesha fremu 30 kwa sekunde, kituo kihesabiwe kwa sekunde badala ya fremu, la sivyo kitarefuka maradufu.

Jambo moja zaidi kuhusu kituo. Wapiganaji wawili waliosimama wakigusana huweza kumkanganya mtazamaji: nani amempiga nani? Katika michezo ya Super Smash Bros., iliyoanzishwa na Masahiro Sakurai na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, mpigwa hutetemeka papo hapo alipo wakati wa kituo, na mpigaji hutulia. Ni hila ndogo yenye faida kubwa. Tulipomtetemesha mpigwa wetu pikseli 3 kushoto na kulia, swali hilo halikuulizwa tena.

Mtikisiko na yule aliyepigwa

Sasa turudi kwa yule kijana aliyesukuma kiti. Katika mchezo wetu, pigo zito halikuja bila onyo. Kabla ya kulipiga, mpiganaji aliinua bega lake pikseli 8, na bega likabaki juu kwa fremu 20, yaani theluthi ya sekunde. Hiyo ndiyo ilani ya mchezo. Binadamu huhitaji takriban robo ya sekunde kuona jambo na kubonyeza kitufe, kwa hiyo aliyekuwa macho alibakiwa na fremu 5 hivi za kujikinga. Ni chache, lakini zinatosha, na ndizo zinazoufanya mchezo uwe wa haki.

Lakini wanafunzi walikuwa wameongeza mtikisiko. Kila pigo lilipotua, jepesi au zito, picha nzima ilirushwa kwa nasibu hadi pikseli 12 kila upande, katika kila fremu, kwa fremu 30. Linganisha tarakimu hizo na zile za bega. Bega lilipanda pikseli 8 katika picha iliyokuwa ikiruka pikseli 12, na mtikisiko ulidumu kuliko ilani yenyewe. Mpigaji angeweza kupiga pigo jepesi, kisha akaanza pigo zito chini ya pazia la mtikisiko aliousababisha mwenyewe. Naye hakuhitaji kuona, kwa maana alijua anachokusudia. Aliyepigwa ndiye aliyehitaji macho, na ndiye aliyenyimwa.

Mwalimu anaweza kuonyesha darasani ni kwa nini mtikisiko huo unapofusha. Mwanafunzi ashike kitabu kwa mkono ulionyooshwa, akitikise upesi kushoto na kulia huku akijaribu kusoma. Herufi zitapotea. Kisha akitulize kitabu, atikise kichwa chake kwa kasi ile ile. Ataendelea kusoma bila taabu kubwa. Ndani ya sikio vimo viungo vinavyohisi mzunguko wa kichwa, navyo huyaamuru macho yageuke upande wa pili kwa kiasi kile kile, hata taswira ikabaki imetulia. Kitabu kinapotikiswa, au picha ya kioo inaporuka, kichwa kimetulia. Sikio halina habari ya kupeleka, na macho hayana wa kuyaongoza. Nadhani ndiyo sababu pia baadhi ya watu hushikwa na kizunguzungu mbele ya michezo ya namna hii.

Je, tuuondoe mtikisiko kabisa? Tulijaribu, na mchezo ukapoa. Mwaka 2013 Jan Willem Nijman, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Vlambeer ya Uholanzi, alitoa mhadhara ambao umewaathiri watengenezaji wengi wa michezo. Alichukua mchezo mdogo usio na ladha, akaongeza jambo moja baada ya jingine, risasi kubwa zaidi, sauti nzito zaidi, kisimamo, mtikisiko, hadi kila ufyatuaji ukawa na kishindo. Alikuwa sahihi. Ila mhadhara huo hukumbukwa kwa neno mtikisiko kuliko kwa mengine yote, na wako wanaoutia kama mpishi mgeni atiavyo pilipili.

Njia tuliyoifuata ilielezwa na mtengenezaji wa Kimarekani, Squirrel Eiserloh, katika mkutano wa watengenezaji wa michezo mwaka 2016. Badala ya kuutikisa mchezo moja kwa moja, programu huhifadhi namba moja kati ya 0 na 1, ambayo hapa tutaiita mshtuko. Pigo huiongeza namba hiyo, na wakati huipunguza polepole. Umbali wa kutikisika haulingani na mshtuko wenyewe bali na mraba wake:

```
mshtuko = max(0, mshtuko - 1.5 / 60)
umbali = 10 * mshtuko ** 2
```

Uzuri wa mraba unaonekana mara tu tunapoweka tarakimu. Pigo zito tulilipa mshtuko wa 0.7. Mraba wake ni 0.49, basi picha husogea pikseli 4.9. Mshtuko hupungua kwa 1.5 kila sekunde, kwa hiyo baada ya muda unaokaribia robo ya sekunde umebaki 0.35, lakini mraba wa 0.35 ni 0.12 tu, na mtikisiko umeshuka hadi pikseli 1.2. Mshtuko umepungua nusu, mtikisiko umebaki robo. Kishindo huja mara moja na kutoweka upesi, nao mkia mwembamba unaofuata hauwezi kuficha bega linalopanda pikseli 8. Pigo jepesi tulilipa 0.3, ambalo halifikishi hata pikseli moja na huisha katika moja ya tano ya sekunde. Hakuna mchezaji aliyelalamika kuwa mapigo mepesi hayatikisi kitu. Kituo cha fremu 4 kiliwatosha.

Tulibadilisha mengine mawili. Kwanza, nasibu tupu huifanya picha irukeruke kama taa mbovu, kwa sababu fremu moja haina uhusiano na ile iliyoitangulia. Badala yake tulitumia nasibu iliyolainishwa, ambayo thamani zake zilizo jirani hukaribiana. Kanuni yake ilichapishwa na Ken Perlin mwaka 1985, baada ya kufanya kazi katika filamu ya Tron ya mwaka 1982, ili kuvipa vitu vilivyochorwa na kompyuta sura ya kimaumbile. Pili, msogeo wa kwanza kabisa tuliuelekeza upande ule ule pigo linakokwenda. Fimbo ikipiga kuelekea kulia, picha husukumwa kulia, ndipo itetemeke. Kwa njia hiyo mtikisiko wenyewe ukawa unaeleza jambo.

Mtikisiko wetu huanza kituo kinapokwisha. Wako wanaoanzisha vyote kwa pamoja, na kuna michezo mizuri iliyofanya hivyo; lakini kwangu haina maana kuisimamisha picha ili ionekane na papo hapo kuitikisa isionekane. Tena, mistari ya uhai na hesabu za pointi zilizo juu ya kioo hazitikisiki kamwe. Mandhari ya nyuma nayo ichorwe kubwa kuliko kioo kwa pikseli 10 kila upande, la sivyo ukanda mweusi utachungulia pembeni na kuiumbua hila yote.

Cheche, mweko na vumbi

Vitu vidogo vina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, mradi kila kimoja kijibu swali. Cheche inajibu swali la mahali: basi ichorwe hasa pale fimbo ilipogusa, si katikati ya mwili kama wengi wafanyavyo kwa urahisi. Inaweza pia kujibu swali la matokeo. Pigo lililoingia lilipewa cheche yenye umbo la nyota, na pigo lililokingwa likapewa umbo la duara. Wanafunzi walitaka kutofautisha kwa rangi nyekundu na kijani; nilikataa, kwani rangi hizo mbili ndizo zinazowatatiza wengi wenye upofu wa rangi, na katika kila darasa la wavulana huenda akawamo mmoja. Vumbi halijibu swali lolote, ni pambo. Kwa hiyo lilichorwa nyuma ya wapiganaji na kupewa fremu 12 za kuishi.

Mweko unahitaji hadhari ya pekee. Ni desturi kuupaka weupe mwili wa mpigwa kwa fremu 2, na jambo hilo si baya. Hatari huja pale kioo kizima kinapomeka. Tarehe 16 Desemba 1997, televisheni ya Japani ilionyesha sehemu moja ya katuni za Pokémon ambamo rangi nyekundu na buluu zilipishana takriban mara 12 kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa wamepatwa na degedege. Kanuni inayofuatwa leo ni kwamba sehemu kubwa ya kioo isimeke zaidi ya mara 3 kwa sekunde moja. Mpiganaji wetu aliweza kupiga mapigo mepesi 5 kwa sekunde; kama kila moja lingewasha kioo kizima, tungeivunja kanuni hiyo bila kukusudia. Kwa hiyo mweko ulibaki katika mwili wa mpigwa peke yake.

Tulipomaliza marekebisho tuliyapima kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya picha: mwanafunzi mmoja anausimamisha mchezo ghafla katikati ya pambano, na mwenzake ambaye hakuwa akitazama anaitwa aeleze nani amepiga, kwa pigo gani, na nini kinakaribia kutokea. Akishindwa, kuna kitu kinachofunika kingine, na kwa kawaida ni cheche. Njia ya pili ni ya kuhesabu. Wachezaji wawili wanapambana mara kadhaa huku mtikisiko umezimwa, kisha mara hizo hizo huku umewashwa, na mtu wa tatu anahesabu mapigo mazito mangapi yalikingwa na yule aliyekuwa ametoka kupigwa. Hesabu ikishuka kwa wazi mtikisiko unapowashwa, mtikisiko umeacha kuwa pambo na umejiunga na mpigaji. Mtikisiko wa awali ulishindwa jaribio hili vibaya. Ule wa mraba ulipita.

Kijana wetu wa kidato cha tatu alirudi wiki iliyofuata. Alishindwa tena mara mbili, lakini safari hii alijua ameshindwaje, akalaumu kidole chake. Mwenzake, ambaye alisema macho yanamchoka, aliomba mtikisiko uzimwe kabisa, na tukaongeza kitufe cha kuuzima pamoja na kingine cha kuzima mweko, kama ilivyo katika mchezo wa Celeste wa mwaka 2018. Akauliza kama kituo nacho kinaweza kuzimwa. Hapo ilibidi nimjibu kuwa hapana. Mtikisiko na mweko vimo katika picha tu. Mpiganaji mmoja aweza kuviona na mwenzake asivione, na pambano likabaki lile lile. Kituo kimo katika wakati wa mchezo wenyewe. Fremu 10 za kituo ni fremu 10 za kufikiri na kubonyeza kwa wote wawili, na ukizibadilisha umebadilisha kanuni za pambano, si sura yake.